Hati ya mafunzo kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini: kuiandika upya bila vitisho wala ahadi zisizotimizika

*Wakili, mimi ni afisa wa wafanyakazi katika shamba la maua huku Naivasha. Tuko karibu watu mia nne, wengi wao wa msimu. Kila mwaka kabla ya kazi ya Februari kupamba moto huwa nawasomea hati ya mafunzo kuhusu unyanyasaji wa kingono. Niliirithi kwa aliyenitangulia. Nikianza kuisoma wanaume wananung'unika, wanawake wanainamisha vichwa, na masupavaiza wanacheka. Meneja anataka iwe kali zaidi. Chama cha wafanyakazi kinasema inawahukumu watu kabla ya kusikizwa. Nimekutumia kurasa zote nne. Niiandikeje iwe na heshima, ieleweke, na isije ikatuponza mahakamani?*

Dada yangu, kurasa zako nimezisoma, na naona meneja na chama wote wana hoja. Hati hii inatisha adhabu tangu mstari wa kwanza, lakini mtu akitoka ukumbini hajui alalamike kwa nani wala kitafuata nini akishalalamika. Ukali umewekwa pasipostahili, na maelezo yamekosekana yalipohitajika. Sitakuandikia kurasa zote nne. Nitachukua zile aya ambazo zikibaki zilivyo zitawaletea matatizo, nikuonyeshe kasoro iko wapi, kisha nikupe maneno ya kuweka badala yake.

Kabla ya hapo, weka Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 mezani, uifungue kifungu cha 6. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kutoa tamko la sera kuhusu unyanyasaji wa kingono, na analitoa baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao kama wapo. Sheria haikuishia hapo, imetaja na yale ambayo hayana budi kuwemo: maana ya unyanyasaji kama ilivyoandikwa katika kifungu hicho, kwamba kila mfanyakazi ana haki ya kufanya kazi bila kunyanyaswa, kwamba mwajiri atachukua hatua kuhakikisha hilo, kwamba atamwadhibu kwa namna anayoona inafaa mtu yeyote aliye chini yake atakayemnyanyasa mfanyakazi, namna ya kufikisha malalamiko, na kwamba jina la mlalamikaji na habari za lalamiko hazitatolewa ila pale inapolazimu kwa ajili ya uchunguzi au hatua za nidhamu. Kisha mwajiri anatakiwa kulifikisha tamko hilo kwa kila mtu aliye chini yake.

Kazi yako ya kila mwaka ndiyo hiyo ya mwisho, kulifikisha. Wengi wa watu wako hawatakaa waisome sera. Watakachokijua ni kile ulichowasomea. Mambo yakifika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, wakili wa upande wa pili hataridhika na sera iliyofungwa vizuri kabatini. Ataomba hati uliyoisoma na daftari la mahudhurio. Hati ikisema jambo moja na sera nyingine, mtapata shida kueleza wafanyakazi walitakiwa kufuata lipi. Kwa hiyo kila sentensi ya hati mpya iweze kuonyeshwa ilikotoka ndani ya sera. Ukikuta sentensi nzuri ambayo haimo kwenye sera, ama sera irekebishwe kwanza ama sentensi itoke.

Sasa ufunguzi. Hati yako inaanza hivi: "Wanaume, kuanzia leo chungeni mikono na midomo yenu. Kampuni haina mzaha. Ukishikwa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

Manung'uniko unayoyasikia yanaanzia hapa, na wanaonung'unika hawakosei. Sentensi ya kwanza imewaweka wanaume wote kizimbani. Kifungu cha 6 hakikutaja jinsia ya anayenyanyasa wala ya anayenyanyaswa. Kijana wa kiume anayesumbuliwa na supavaiza wake, awe mwanamke au mwanamume, amekwisha kuambiwa tangu dakika ya kwanza kwamba mafunzo haya hayamhusu.

La "unarudi nyumbani siku hiyo hiyo" ni zito zaidi. Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha asikilize na kuyapima majibu yao. Hata anayefukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa ana haki ya kusikizwa kwanza. Fikiria sasa mmemfukuza mtu ambaye kweli alinyanyasa, na ushahidi mnao. Wakili wake atasoma sentensi hiyo mbele ya hakimu na kuuliza kama kikao cha nidhamu kilikuwa na maana yoyote, ikiwa kampuni ilikwisha kutangaza hukumu mwezi Januari. Mnaweza kuwa na sababu ya haki na bado mkashindwa kwa utaratibu. Aliyelalamika ndiye atakayeumia zaidi, kwa kuwa kesi yake itaingia katika mazungumzo ya watu kama kesi "iliyoanguka".

Badala yake andika hivi:

"Kila mtu anayefanya kazi hapa, mwanamke au mwanamume, wa kudumu au wa msimu, ana haki ya kufanya kazi bila kunyanyaswa kingono. Kampuni ina wajibu wa kuilinda haki hiyo. Leo tutaeleza mambo matatu: mwenendo gani haukubaliki, mtu aende wapi likimpata au akiliona, na kampuni itafanya nini ikipokea lalamiko. Yeyote atakayethibitika kukiuka sera hii, baada ya kusikizwa, atachukuliwa hatua za nidhamu, na hatua hizo zinaweza kufika kuachishwa kazi."

Maneno "atakayethibitika", "baada ya kusikizwa" na "zinaweza kufika" yana kazi. Meneja akisema yamelegeza hati, mweleze kwamba adhabu kubwa kuliko zote bado imetajwa, na sasa mnaweza kuitoa bila kunyang'anywa baadaye. Sentensi ya kwanza ndiyo inayobadilisha hali ya ukumbi. Watu wanasikiliza wanapoambiwa kuna haki yao inayozungumzwa.

Katika ukurasa huo huo kuna mstari unaosema "akina dada nanyi mvae kwa heshima ili msiwatie wenzenu majaribuni". Ufute wote, usiubadilishe kwa maneno laini. Mavazi hayamo katika maana ya unyanyasaji kisheria, na mstari huo unampa anayelalamikiwa utetezi ulioandikwa na kampuni yenyewe. Kama mna kanuni ya mavazi kwa ajili ya usalama wa kazi, kwa mfano ovaroli na buti wakati wa kunyunyiza dawa, ikae kwenye mafunzo ya usalama.

Ukurasa wa pili ni maana ya unyanyasaji, na hapa hati imekosea kwa pande mbili zinazopingana. Aya moja inasema ni "jambo lolote linalomfanya mwenzako ajisikie vibaya". Aya inayofuata inasema si unyanyasaji "mpaka umwambie akome na arudie". Ya kwanza ni pana mno. Supavaiza anayekukaripia kwa kukata shina fupi amekufanya ujisikie vibaya, lakini huo si unyanyasaji wa kingono, ingawa matusi kazini yanaweza kuwa kosa lingine. Ya pili inambana mno mlalamikaji. Kifungu cha 6 hakimtaki awe amesema hapana kwa sauti, wala hakitaki tendo lirudiwe.

Sheria imeligawa jambo lenyewe sehemu mbili ambazo hata mtu asiyejua kusoma anaweza kuzishika. Ya kwanza ni kuomba ngono au tendo lolote la kingono, waziwazi au kwa kuzunguka, huku kukiwa na ahadi ya upendeleo kazini, au tishio la kumfanyia mtu vibaya, au tishio kuhusu kazi yake ya sasa au ya baadaye. Ya pili ni maneno ya kingono, yaliyosemwa au kuandikwa, picha za kingono, au mwenendo wa mwili wa kingono, ambayo mfanyakazi hakuyataka au yamemuudhi, na ambayo kwa asili yake yanaathiri kazi yake, utendaji wake au kuridhika kwake na kazi. Anayefanya hayo anaweza kuwa mwajiri, mwakilishi wake au mfanyakazi mwenzako.

Ukisoma hayo bila mfano, watasahau kabla ya chai. Ukitumia mifano iliyoandikwa kwa ofisi za mjini, yenye katibu muhtasi na bosi wa ghorofa ya juu, wataona ni habari za watu wengine, na ndiyo maana masupavaiza wanacheka. Kwenye shamba la maua nguvu ya supavaiza inakaa mahali panapojulikana na kila mtu: orodha ya ovataimu, kupangiwa kazi nyepesi au nzito, na zaidi ya yote orodha ya watakaobaki kazi ya Februari ikiisha. Mfano wako utoke hapo. Hati iseme hivi:

"Msimu unakaribia kwisha. Mfanyakazi wa msimu anamuuliza supavaiza wake kama jina lake limo kwenye orodha ya watakaobaki. Supavaiza anamjibu, 'Hiyo ni juu yako. Jumamosi pita kwangu tuongee, utajua jina lako liko wapi.' Mfanyakazi hakwenda. Jumatatu anahamishwa kutoka kupanga maua na kupelekwa kubeba ndoo."

Angalia kwamba neno ngono halikutajwa popote katika mfano huu. Sheria inakubali kwamba ombi linaweza kufanywa kwa kuzunguka na tishio likawa la kueleweka tu, na wafanyakazi wako wanayajua mazungumzo ya namna hii kuliko wewe na mimi. Baada ya mfano, hati yako ya zamani ingeuliza, "Je, supavaiza ana hatia?" Swali hilo liondoke. Linageuza ukumbi kuwa baraza la hukumu, wanaume wanajikuta wanamtetea supavaiza wa kubuni, na mtu aliyepatwa na jambo kama hilo wiki iliyopita anawasikia wenzake wakisema pengine alitaka kumsaidia tu. Uliza hivi: "Maneno gani hapa yanaunganisha kazi na jambo lisilo la kazi? Mfanyakazi huyu anaweza kwenda kwa nani? Kampuni inatakiwa kufanya nini kwanza?" Majibu unayoyataka ni kwamba "jina lako liko wapi" na "pita kwangu" vimefungwa pamoja, kwamba ana njia zaidi ya moja, na kwamba kampuni itachunguza kwa kuwasikiliza wote wawili na kuuliza kwa nini alihamishwa. Kama supavaiza alikuwa na sababu ya kweli ya uhamisho ule, uchunguzi ndio utakaoionyesha. Hati isilijibu swali hilo mapema.

Ongeza mfano mwingine mfupi wa mwenendo wa wenzako kwa wenzako: video ya ngono inayopitishwa kwenye kundi la WhatsApp la kikosi cha kuvuna, au maneno kuhusu umbo la mtu kila anapoinama kati ya mistari ya waridi. Usitaje majina, wala usichukue kisa kilichotokea shambani kwenu hata ukikibadilisha kidogo. Shambani watu wanajuana. Watakitambua, na utakuwa umevunja usiri kwa kipaza sauti cha kampuni.

Hapa kuna jambo la uandishi linalosahauliwa mara nyingi. Kampuni inaruhusiwa kuweka kiwango cha juu kuliko sheria. Mzaha mmoja wa kingono huenda usifikie maana ya kifungu cha 6, lakini sera inaweza kuukataza. Kosa ni kuuita kila ukiukaji wa sera "uvunjaji wa sheria". Ukisema hivyo, siku mtakapomwonya mtu kwa mzaha mmoja mtakuwa mmetamka kwamba amevunja sheria, na hamtaweza kulithibitisha. Andika: "Baadhi ya mwenendo tunaoutaja leo umekatazwa na sheria. Mwingine umekatazwa na sera ya kampuni hata kama haujafikia kiwango cha sheria. Yote yanaweza kulalamikiwa hapa."

Kwa sababu hiyo hiyo, kile kipande cha "ukimgusa mtu utafungwa miaka mitatu" hakiwezi kubaki. Kimetokana na kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, lakini kimekatwa kichwa na miguu. Kosa lile linamhusu mtu mwenye mamlaka au anayeshikilia ofisi ya umma, anayerudia kumtaka mtu kingono ilhali anajua, au ana sababu za kutosha kujua, kwamba hatakiwi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Kumshika mtu kwa nguvu kunaangukia makosa mengine ya sheria hiyo hiyo, yenye adhabu zake. Wewe si polisi, na hati ya mafunzo si mahali pa kusomea watu miaka ya vifungo. Sentensi moja inatosha: "Baadhi ya matendo haya pia ni makosa ya jinai. Mfanyakazi anaweza kwenda polisi wakati wowote, na hahitaji ruhusa ya kampuni wala kusubiri uchunguzi wetu uishe." Hati yako ya sasa inasema "lazima uanze ofisini kwetu kabla ya kwenda kwingine". Ondoa sentensi hiyo leo, hata kabla ya kumaliza mengine. Inasomeka kama jaribio la kumzuia mtu asifike polisi.

Tuje kwenye usiri, mahali ambapo nia njema huharibu mambo. Umeandika: "Usiogope, jina lako halitajulikana kamwe." Naelewa kwa nini. Lakini ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Anayelalamikiwa lazima aelezwe anatuhumiwa nini ili aweze kujibu, na mara nyingi tuhuma yenyewe inamtaja aliyeitoa: ni mtu mmoja tu aliyehamishwa Jumatatu ile kupelekwa kubeba ndoo. Ukimwahidi mtu siri kamili kisha akamkuta supavaiza anajua, hatakuamini tena, na wenzake wote watajua kwamba maneno ya ofisi yako hayana uzito. Sheria imekupa maneno ya kweli, na ukiyaeleza kwa upole yanatosha kumtuliza mtu:

"Hatutatoa jina lako wala habari za lalamiko lako kwa mtu asiyehusika. Wanaochunguza watajua. Anayelalamikiwa ataelezwa yale anayohitaji kuyajua ili ajibu. Mashahidi wataulizwa walichokiona tu, na wataagizwa wasizungumze nje. Kabla hatujamwambia mtu yeyote, tutakueleza nani ataambiwa na kwa nini."

Sentensi ya mwisho haimo kwenye sheria. Naipendekeza kwa sababu hofu kubwa ya mlalamikaji ni kushtukizwa. Iweke kwenye sera kwanza, kisha kwenye hati, na uwe tayari kuitimiza kila mara.

Katika hati nzima, mtu aliyeleta lalamiko mwite mlalamikaji, na yule mwingine mlalamikiwa. Sasa hivi mnawaita "mwathiriwa" na "mnyanyasaji" hata kabla ya uchunguzi, na hilo ndilo chama kinalolalamikia. Majina ya mlalamikaji na mlalamikiwa hayamdharau aliyeumizwa. Yanailinda kesi yake isije ikasemwa iliamuliwa kabla ya kusikizwa.

Aya ninayoichukia kuliko zote, niseme wazi, ni hii ya ukurasa wa tatu: "Na ninyi akina dada msitumie sera hii kulipiza visasi. Anayesema uongo atafutwa kazi." Imewekwa mara tu baada ya maelezo ya kulalamika, na imeandikwa kwa herufi nzito. Ukitaka kujua kwa nini wanawake wanainamisha vichwa, ni hapo. Lalamiko la kingono kwa kawaida lina watu wawili na hakuna shahidi. Mtu anajiuliza: nisipoweza kuthibitisha, si ndiyo nitaitwa mwongo? Anaamua kunyamaza.

Sheria yenyewe inaelekea upande mwingine. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinataja sababu ambazo haziwezi kuwa za haki za kumwachisha mtu kazi, na mojawapo ni kwamba amelalamika au amekusudia kulalamika dhidi ya mwajiri wake, isipokuwa ionyeshwe kwamba lalamiko lilikuwa la kutowajibika na halina msingi. Anayetaka kuonyesha hivyo ana mzigo wa kufanya hivyo. Lalamiko ambalo halikuthibitika halijawa uongo kwa sababu hiyo. Kwa hiyo lile onyo dhidi ya uongo analolitaka meneja linaweza kubaki, ila liwekwe mahali pake na kwa kipimo chake:

"Hakuna atakayeadhibiwa, kuhamishwa, kupunguziwa kazi au kuachwa nje ya orodha kwa sababu amelalamika kwa nia njema au ametoa ushahidi. Lalamiko likikosa ushahidi wa kutosha, hiyo peke yake haina maana kwamba aliyelileta alisema uongo. Kulipiza kisasi kwa mlalamikaji au shahidi ni kosa la nidhamu linalojitegemea. Kutoa tuhuma huku ukijua si za kweli nako ni kosa la nidhamu, na litachunguzwa kwa utaratibu ule ule wa kusikizwa."

Nimetaja orodha makusudi. Mtu wa msimu halipiziwi kisasi kwa barua ya kufukuzwa. Haitwi tu msimu ujao. Hati ikinyamaza kuhusu hilo, itakuwa imewalinda wale wa kudumu peke yao. Na usiruhusu "tumlinde" iwe jina lingine la kumhamisha mlalamikaji. Kama lazima watu wawili watenganishwe wakati wa uchunguzi, mlalamikaji aulizwe anataka nini, na mshahara na saa zake zisiguswe.

Njia za kulalamika umezieleza kwa mstari mmoja: "Ripoti kwa supavaiza wako." Katika mfano wetu supavaiza ndiye anayelalamikiwa. Taja njia zisizopungua mbili, na angalau moja isimpitie mkuu wa mtu moja kwa moja: wewe mwenyewe, mjumbe wa kamati ya jinsia kama mnayo, mwakilishi wa chama. Taja cheo, mahali anapopatikana na namba ya simu, na useme lalamiko linaweza kutolewa kwa mdomo. Sema pia nani atalipokea kama anayelalamikiwa ni wewe au meneja. Watu watakutazama vizuri zaidi ukilisema hilo bila kuulizwa.

Masupavaiza wapange kikao chao peke yao kabla ya kikao cha wote. Kwao mambo ya kisheria si mengi, ila kuna zoea moja lazima livunjwe, nalo ni kutaka kuyamaliza mambo hapo hapo kwa sulhu. Supavaiza anawaita wote wawili nyuma ya grinihausi, mmoja anaombwa asamehe, wanapeana mikono, anaamini ametenda wema. Alichofanya ni kumweka mlalamikaji ana kwa ana na mlalamikiwa bila ulinzi na kuvuruga uchunguzi. Zaidi ya hayo, tangu dakika hiyo kampuni haiwezi tena kudai kwa urahisi kwamba haikuwa na habari. Hati ya masupavaiza iseme: sikiliza, usiulize maswali ya kuchunguza, usiahidi matokeo, usimwite mwingine, andika maneno aliyoyasema kama alivyoyasema pamoja na tarehe na saa, na ufikishe kwa mtu aliyetajwa siku hiyo hiyo.

Kuna pia jambo la kukuandalia wewe. Ukisoma hati hii mpya vizuri, yumkini mtu atainuka katikati ya kikao na kuanza kusimulia yaliyompata, pengine kwa jina la aliyemfanyia. Usimwache aendelee mbele ya watu, na usimnyamazishe kama mkosaji. Maneno haya yawe kwenye hati yako, uyajue kwa moyo: "Asante kwa kusema. Jambo hili ni muhimu na linastahili kusikilizwa faragha. Tutaongea mara tu tukitoka hapa, au unaweza kwenda kwa mwakilishi wako sasa hivi." Kisha uwakumbushe wote wasiyabebe nje waliyoyasikia. Kikao kikiisha, mtafute yeye kwanza kabla ya kukusanya karatasi zako. Usimtake mtu yeyote aigize kisa mbele ya wenzake, na usiombe ushuhuda wa hiari.

Ukimaliza rasimu, mpe mwakilishi wa chama aisome pamoja na wewe, maana kushauriana ni takwa la sheria. Kisha wasomee wafanyakazi wachache wa idara tofauti, uwaulize maswali matatu: ungeenda kwa nani, nani angejua, na kungetokea nini kwa unayemlalamikia? Wakijibu "angefukuzwa", ufunguzi wako bado unatisha. Wakijibu "hakuna atakayejua", aya ya usiri bado inaahidi kupita kiasi. Wakikwama kwenye swali la kwanza, rudi kwenye njia za kulalamika, kwa kuwa bila hilo mengine yote hayamfikishi mtu popote. Kama kuna wasioelewa Kiswahili vizuri, tafuta mfanyakazi anayeaminika awafasirie, na uandike kwenye daftari kwamba mlifanya hivyo na kwa lugha gani.

Wasomaji walioko Tanzania wasinakili vifungu hivi. Huko Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauhesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi, na hati inatakiwa kujengwa juu ya msingi huo.

Kwako wewe, rasimu ya mwisho ipitiwe na wakili wa kampuni akiwa na sera mkononi, asije akaipitia hati peke yake. Weka tarehe na namba ya toleo chini ya kila ukurasa, na uhifadhi toleo la zamani badala ya kulitupa, kwa sababu malalamiko ya mwaka jana yatapimwa kwa maneno mliyoyasoma mwaka jana. Wanaoajiriwa katikati ya msimu, ambao hawakuwepo siku ya kikao, wasomewe hati hiyo hiyo siku wanayotia saini mkataba, nao watie saini kwenye daftari lile lile.